Baada ya Z

Nina hasira za karibu, na kazi yangu haizihitaji. Karibu maisha yangu yote ya utu uzima nimekuwa katika maktaba ya chuo kimoja nje kidogo ya Eldoret. Kinachonichemsha si wanafunzi wanaokula mandazi katikati ya rafu, bali kitu kuwekwa mahali ambapo hakuna mtu atakayekitafuta.

Muhula huo tulikuwa tunabadilisha mfumo wa kompyuta. Mashine za kaunta ziliondolewa, ikabaki moja tu ofisini kwangu, nayo ilionyesha orodha ya vichwa tu, bila kutafuta kwa jina. Mwenzangu wa kaunta, bwana mpole kutoka upande wa Kakamega, alipewa kazi ya kuchapisha orodha ya tasnifu zote ili watu wasikae bure. Aliichapisha kwa vichwa tu, kwa kuwa wanaotafuta tasnifu huja na mada mdomoni, wala hawajui nani aliandika nini. Akanunua mjini faili nene yenye vigawanyo vya rangi kutoka A hadi Z. Ilipendeza, nami nikamsifu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Asubuhi moja ya baridi ile inayopenya sweta, nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi mlangoni. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na koti la mwanamume. Niliingia, nikatoka kwenda chai, nikarudi, bado yupo. Nikamuuliza anangoja nani. Akanipa kipande cha karatasi kilichoandikwa na mwenzangu: *Haipo. Jaribu idara.* Idarani alikuwa ameshatoka, na huko walimwambia nakala iko maktaba.

Alikuwa mkulima wa viazi, Timboroa. Binti yake alisoma hapa shahada ya pili, akiishi kwenye vyumba vya kupanga Kesses, na alifariki kabla ya siku ya mahafali. Kwenye mazishi baba yake alikataa neno lolote kuhusu shahada hiyo lisomwe kanisani, kwa sababu hakuwa ameona karatasi. Sasa wanajiandaa kuweka jiwe la kaburi, na mzee bado ameshikilia msimamo wake.

"Madam, mimi sitaki kuichukua," akaniambia. "Nataka tu kuiona na macho. Yeye anasema msichana hakumaliza, na alitudanganya. Mimi nimechoka kubishana na yeye usiku."

Nilijua uzito wa alichosema. Kwetu tasnifu haitiwi jalada wala kuletwa rafuni kabla watahini hawajaipitisha na kutia sahihi. Kama ipo, binti alimaliza. Kama haipo, mzee ana haki.

Kwenye simu yake alikuwa na picha ya jalada, iliyopigwa haraka mezani. Kichwa kilianza na herufi ndogo ya mviringo, kistari, kisha Solanine, halafu maneno marefu ya Kiingereza kuhusu viazi. Mwenzangu aliiona herufi ile kama *a* ya kawaida, akatafuta chini ya A, akakosa. Nami nilipoivuta picha nikaona ni alfa ya Kigiriki, α. Nikafungua A tena, nikitafuta Alfa, kwa sababu sisi tuliofundishwa enzi za kadi tulipanga kila kitu jinsi kinavyotamkwa. Kichwa cha Kiswahili kikianza na 5, kadi ilikwenda T, kwa Tano; cha Kiingereza kikianza na 5 ileile, kilikwenda F. Herufi ya Kigiriki nayo iliandikwa kwa jina lake. Hakuna kitu. Nikajaribu S, kwa kuwa watu wa kemia huiruka alfa na kupanga kwa jina la kemikali yenyewe. Hakuna.

Ndipo nikakigeuza kile kipande alichopewa mama, bila sababu, kama mtu anavyogeuza stakabadhi mkononi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya printa yetu. β na mstari wa maneno. Chini yake γ. Karatasi yenyewe ilikuwa imekatwa kwa rula.

Nilimwita mwenzangu, na nakiri sauti ilipanda. Akaeleza bila wasiwasi. Orodha ilipotoka, kulikuwa na kurasa kabla ya A zenye namba, tena zimevurugika, 10 ikitangulia 2. Na baada ya Z kulikuwa na ukurasa wa alama ambazo alidhani ni printa imeharibika. Faili haikuwa na kigawanyo cha vitu kama hivyo. Basi akazikata ziwe karatasi za kuandikia, kwa kuwa nyuma zilikuwa safi.

Printa haikuharibika. Kompyuta haisomi alfa. Inaangalia nambari ya siri ambayo kila herufi imepewa ndani yake. Tarakimu zimepewa nambari ndogo, zikatangulia A, na huzipanga tarakimu moja moja, ndiyo maana 10 hutangulia 2. Herufi za Kigiriki zimepewa nambari kubwa, zikaja nyuma ya Z yetu. Pale ndipo binti alipokuwa, na pale ndipo tulipokata. Nilimwambia mwenzangu maneno makali, na mama akanishika mkono, akasema huyu naye ni mtu wa watu.

Ofisini nilishuka orodha hadi chini kabisa, nikapita Z. Ilikuwa ya kwanza. Nikaandika namba ya rafu, nikapanda ngazi mwenyewe.

Ilikuwa na jalada jeusi, maandishi ya dhahabu, na sahihi zote mahali pake. Niliifungua ukurasa wa sahihi nikamwekea mbele. Akaitazama bila kuigusa, kisha akafuta mikono kwenye koti ingawa ilikuwa safi.

Hasomi Kiingereza, kwa hiyo alipekua pole pole akitafuta picha. Karibu na mwisho ilikuwepo moja ya viazi kwenye mbao, upande mmoja umegeuka kijani, na dirisha dogo lenye waya wa kuku. Akaweka kidole kwenye ule waya.

"Hii ni stoo yangu," akasema. "Nilimgombeza. Nilimwambia anaharibu mbegu, aziondoe kwa jua. Akacheka tu."

Nilimweleza kwamba viazi vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na sumu iitwayo Solanine huongezeka, na binti yake alikuwa anaipima. Akasema hilo la kijani wanalijua Timboroa nzima. Hawakujua tu kwamba mtu anaweza kulisomea. Akalia kidogo, nami nikalia, na mwenzangu akaenda kutafuta chai.

Hakutaka kupiga picha. Alisema mzee hataamini simu; atakuja mwenyewe, na hapendi kuuliza watu. "Sasa yeye ataitafuta wapi?"

Jioni hiyo tulichapisha upya kurasa tulizokata, tukaweka kigawanyo kisicho na herufi mbele ya A na kingine nyuma ya Z. Kisha tukaandika chini ya A, *Alfa*, na chini ya S, *Solanine*, tazama baada ya Z. Mwenzangu alitaka kuongeza pia chini ya V, kwa Viazi. Hakuna kanuni inayoruhusu hivyo. Nilimwambia aongeze.

Wiki chache baadaye alikuja mzee mrefu mwenye kofia ya sufu. Hakutusalimu vizuri. Aliivuta faili, akapita A bila kusimama, akapita S, akafungua V, akafuata mstari kwa kidole. Mwenzangu akashuka na ile tasnifu. Mzee alisoma jina kwenye jalada, akavua kofia, akaomba kalamu ili anakili maneno yote ya kichwa kwa ajili ya fundi wa jiwe.

"Na hii ya kwanza," akauliza, akionyesha alfa, "huandikwa namna gani?"