Mwantumu Aliyekosa Pa Kuweka Tenga

Mambo ya Mwantumu yananichanganya kichwa tangu tuko shule, na nikiyafikiria sana nakasirika hata na sufuria jikoni.

Tulisoma pamoja Mbeya, pale Iyunga. Mama yake, Mbuke, alikuwa Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wa kaka zake. Baba yake, Alawi, alikuwa Mwarabu wa duka. Alawi alipofariki, ndugu yake alikuja na gari akamchukua Muharami, kaka yake Mwantumu wa tumbo moja, akamweka dukani kwake mjini. Mwantumu akaachwa. Huyu wa kike ni wa Mbuke, alisema huyo ami.

Shuleni, kila akija mkaguzi au mgeni yeyote, mwalimu aliita, "Mwantumu, chai!" Sisi wasichana wengine tulichota maji asubuhi, kengele ikilia tunaingia darasani. Yeye alibaki na birika, eti mwenye nywele ndefu anapendeza mbele ya wageni. Muharami alikuwa na nywele za ukoo huohuo, ila ni mvulana. Rukia, binti wa ami yao tuliyesoma naye, alikuwa msichana kama Mwantumu na rangi ni hiyohiyo, lakini nani angethubutu? Baba yake angefika na gari kabla maji hayajachemka. Mwantumu hakuwa na wa kumlalamikia. Hesabu za asubuhi zikampita, na mtihani wa darasa la saba ukamshinda. Mwalimu akasema binti mvivu.

Mwaka 1976 tukakutana Ilula. Mimi nimeolewa huko, nauza nyanya kwenye safu ya wanawake kando ya barabara kuu. Yeye alikuwa na Mbuke, ambaye alikuja kufuata kibarua cha shambani, akalima mpaka miguu ikavimba, hawezi tena kuinama. Kama Mwantumu asingepata pa kuuzia, wale wawili wasingekula. Ilikuwa hivyo tu.

Safu yetu ina utaratibu wake. Mwanamke huingizwa na mama yake au mama mkwe aliyeuza pale. Anakushika mkono, anakuonyesha pa kuweka tenga lako. Ambaye hakushikwa mkono haruhusiwi kukimbilia basi linaposimama, kuuzia abiria. Nilisema nitamshika mimi. Wenzangu wakaguna. Mwarabu huyo, wakasema, kwao duka zima, anatafuta nini kwenye nyanya zetu? Mbuke amelala kwenye mkeka, wao wanaona duka!

Tukaenda kwa mwenyekiti wa soko, mzee Kalinga. Si mtu mbaya, na ndiyo maana nilichanganyikiwa zaidi.

"Mwanangu, hapa hatubagui," alimwambia. "Rangi? Muharami kaka yako si anashusha mahindi yake hapa kila wiki? Wanawake? Safu nzima ni wanawake. Umaskini? Nani hapa tajiri?"

Mwantumu akaniangalia. Kila alichosema Kalinga kilikuwa kweli.

Ndipo nikaanza kuona, kidogokidogo. Muharami alipokelewa kwa lori la ami yake, na lori hupewa mwanamume. Mimi nilipokelewa kwa mama mkwe wangu, na mama mkwe huwa wa hapahapa. Rukia hahitaji tenga, analishwa na baba. Ukimpima Mwantumu kwa rangi peke yake, hujaona kosa. Kwa uanamke peke yake, hujaona. Kwa ufukara peke yake, hujaona. Vikutane kwa mtu mmoja, kila mlango unamwambia nenda ule mwingine.

"Mzee," nikasema, "nionyeshe hapa sokoni mwanamke chotara mmoja asiye na baba. Mmoja tu."

Kalinga akatazama safu, akatazama upande wa mahindi. Akavua kofia, akakuna kichwa. "Lakini hatujamkataza mtu," alisema taratibu. Kisha akafikiria, akafurahi: kaka yake aje amdhamini, basi, yamekwisha.

Lori lilikuja Alhamisi. Mwantumu alikuwa na tenga kichwani tayari, amevaa kanga safi, na mimi nimemsogezea nafasi kando yangu. Muharami akashuka, akasikiliza, uso ukambadilika.

"Binti wa kwetu hauzi nyanya barabarani," alisema. "Ami atanielewaje?"

Siku ya kula alikuwa wa Mbuke. Siku ya kufanya kazi amekuwa wa kwao! Nilitaka kumrushia nyanya, Mungu anisamehe. Wenzangu wakatikisa vichwa, wakiniambia, unaona, si ana kwao?

"Basi nipeleke huko kwetu," Mwantumu alimwambia kaka yake. "Mimi na mama."

Muharami akaangalia matairi. Akapanda lori.

Basi la Dar likasimama, wenzangu wakalikimbilia, na mimi nikalikimbilia, maana watoto wangu nao wanakula. Niliporudi alikuwa amesimama palepale, tenga bado kichwani.

"Dada," akaniuliza, "nikiweka chini, naweka wapi?"