Barua ya Kuonyesha Kwamba Ninaelewa

Majina sitaandika, lakini wifi yangu akisoma hapa atajijua, kwa hivyo nianze na yeye. Ni yeye aliyeenda kwa kamati ya akina mama wa kanisa akawaambia kwamba kiharusi kimenitoa akili, na kwamba harusi yangu na kaka yake isimamishwe. Harusi tuliyoingojea miaka ishirini na miwili, tukiishi pamoja na kulea watoto bila pete!

Kiharusi kilinikuta jikoni kwangu Mumbuni nikichagua maharagwe ya kupikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe, niliyeacha dawa za presha kwa sababu nilijisikia mzima. Wa pili ni jirani aliyesema ni uchovu tu, nilale. Baada ya miezi mkono ulirudi. Miguu ilirudi. Kuongea niliongea, tena sana, ila mara kwa mara neno lilitoka kama sweta iliyovaliwa ndani nje.

Wifi alikuja kuniona na akina mama wawili wa kamati. Niliwapa chai, nikauliza habari za mashamba, nikamkumbusha mmoja sufuria yangu aliyoazima tangu Krismasi. Mpaka hapo nilikuwa mtu mzima. Kisha wifi akaweka kikombe chini.

"Hebu tujaribu kiapo. Rudia: nakubali kuwa mke wako."

"Nakulabi," nikasema. Nikasikia kabisa si hivyo. "Nabukali. Nakuba... nabulaki..."

"Nakubali!"

"Nakulali."

"Mmeona?" akawageukia wenzake. "Hata mtoto wa nasari anarudia. Huyu kichwa imeenda."

Mchungaji wetu ni kijana wa haki. Alituita, akasema, "Mama, mimi sikatai. Lakini siwezi kumfungisha ndoa mtu asiyejua anakubali nini. Niletee barua ya hospitali." Zilikuwa zimebaki siku tisa, na fahali alikuwa ameshachaguliwa.

Hospitalini mtaalamu wa matamshi alikuwa binti mdogo kuliko kifunguamimba wangu. Chumba chake ni kimoja na pazia lake ni jembamba. Siku hiyo tulikuwa wagonjwa watatu, na wawili waliokuwa mbele yangu niliwasikia mwanzo mpaka mwisho. Palipokosa sauti, nilichungulia. Sioni aibu.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Mwala. Binti alimwonyesha picha: mama anapika uji unafurika, yeye yuko kwa simu, na mbuzi anakula shuka kwenye kamba. Mwalimu alitoka jasho. "Mama... uji... aa! Mbuzi... nguo... kula." Kila neno alilivuta kama ndoo ya kisima kirefu. Lakini binti aliposema, "Gusa kitana, halafu weka kijiko ndani ya kikombe," alifanya mara moja, akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa swali rahisi.

"Sasa rudia: kesho tutaenda sokoni."

"Kesho... soko." Akajipiga paja kwa hasira. Alijua kilichokosekana.

Wa pili alikuwa mzee wa Kisomali, mfanyabiashara wa mbuzi hapa mjini, kofia nyeupe, sauti tamu. Kwa picha ileile alifunguka kama redio. "Huyo ni wa juzi, mama, tulimpeleka ile ya upande, na wakakalisha tandiru yote kwa baraka, sasa wenyewe wanajua mlango." Maneno yalitiririka, na vituo vyake, na tabasamu. Nilimnong'oneza mume wangu aliyenisindikiza, "Huyu naye ameletwa kufanya nini? Ni mzima."

Binti akamwambia aguse kitana. Mzee akamshukuru, akampa mkono, akatia kijiko mfukoni. Akaambiwa arudie ile ya kesho sokoni. "Naam," akasema, "na wale wa kupakia walishavuka." Hakuona kosa lolote. Binti yake aliyemleta akasema kwa upole kwamba nyumbani wakimwambia chakula kiko tayari, mzee anavaa viatu.

Nikaingia. Picha niliimaliza. Nikasema mbuzi huyo ni wa jirani, najua mambo ya majirani, na kwamba huyo mama akiweka simu chini ataokoa furisuria... sufiria... sufuria yake. Kitana nikagusa, kijiko nikaweka.

"Rudia, mama: kesho tutaenda sokoni."

"Kesho tukaten... tutakenda... tutaneka..." Nikachoka. "Si unasema tu safari ya soko ni kesho?"

Binti akacheka mpaka akashika meza. "Mama, maana yangu umenipa yote. Maneno yangu ndiyo umekataa nayo."

Kisha akatueleza, mimi na mume wangu, na kwa ruhusa yao wale wengine wakiwa wamekaa hapohapo. Ugonjwa wetu wote unaitwa afasia, lakini kila mmoja ana yake. Mwalimu anaelewa, ila maneno hayatoki. Hiyo ni ya kutoa. Mzee maneno yanatoka kama maji, ila yanayoingia hayamfikii, na hata yake mwenyewe hayasikii yalivyoharibika. Hiyo ni ya kupokea. "Wewe, mama, unaelewa, na maneno yanatoka. Kilichoharibika ni daraja la katikati, la kuchukua sauti kutoka sikioni na kuifikisha mdomoni ilivyo. Ndiyo maana unasikia kosa lako na unalifukuza."

"Na kurudia?" mume wangu akauliza.

"Wote watatu wameshindwa kurudia. Kwa hivyo anayepima akili kwa kurudia hajapima kitu."

Nilimwomba aandike sentensi hiyo kwa herufi kubwa. Aliandika kwa ndogo, lakini aliandika. Na chini akaongeza: mama huyu aulizwe maswali, na ajibu kwa maneno yake.

Jumamosi ikafika, barua ikiwa tayari mikononi mwa mchungaji. Mume wangu alitangulia. Mchungaji akatamka, yeye akarudia kwa sauti kubwa: "Nakubali kuwa mke wako." Kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Akajisahihisha, wakaendelea. Hakuna aliyemdai barua ya hospitali.

Zamu yangu, kicheko kikakatika. Wifi alikuwa kiti cha pili, ameinua shingo. Mchungaji akafungua kitabu, akakifunga, akaniuliza kama jirani anavyouliza, "Mama, unajua tunafanya nini hapa leo?"

"Najua. Huyu mzee nimempikia miaka ishirini na miwili. Leo nakula kiapo kwamba hata akiugua yeye, hata nikiugua tena mimi, hata mvua ikikataa, siondoki na simwachi. Na yeye haniachi."

"Unalazimishwa?"

"Na nani? Waliokuwepo walikuwa wanazuia."

"Inatosha," akasema mchungaji, akatuita tutie sahihi.

Wenzangu wa hospitali nilikuwa nimewaalika. Mwalimu wa Mwala alikuja na mke wake, na nyimbo zilipoanza aliimba beti nzima bila kukwama, jambo ambalo yule binti wa matamshi alikuwa ametuambia hutokea. Mzee wa mbuzi alikuja na binti yake na beberu mweusi. Binti yake huyo akiwa amesimama kwenye foleni ya pilau, wifi yangu alienda kukaa karibu na mzee, akazungumza naye karibu saa nzima. Nilimwona akitikisa kichwa, akisema "kweli kabisa," akiuliza, akijibiwa kwa ile sauti tamu.

Baadaye akanijia jikoni akiwa amebeba sahani.

"Huyo mzee ni wa wapi? Ana hekima hiyo! Si kama watu wengine."

"Alikuambia nini?"

Akafikiri. Akafikiri tena.

"Rudia tu kidogo," nikamwambia.

Akaweka sahani chini, akasema ameitwa nje.