Bidii ya Nani?

Siku ya wazazi, baba mmoja alijitupa kitini mbele ya meza yangu akauliza lile swali la wote: "Mwanangu anaendeleaje, mwalimu?"

Swali gunia hilo, kila kitu kimo. Nikamuuliza, "Alama, tabia au bidii?"

"Alama! Mengine porojo."

"Kazi za nyumbani, tisini kwa mia. Mtihani wa darasani, kumi na tano."

Kifua kilichokuwa kimevimba kikanywea. "Tabia je?"

"Mpole. Nikimwita ubaoni, anatazama dari kana kwamba jibu litadondoka."

"Basi niambie bidii!"

"Bidii ya nani, mzazi? Yako nimeisahihisha muhula mzima. Yake bado sijaiona."