Michoro ya Penseli ya Elisée

Elisée wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikuwa mtengeneza nembo. Kila aliposhuka mjini Mbarara aliweka kazi zake Facebook, wenye biashara changa wajue wanalipia nini: maswali kwanza, michoro ya penseli, mapendekezo matatu, marekebisho mara mbili, kisha mafaili. Kifurushi kidogo shilingi laki moja, kikubwa laki tatu.

Safari hii alionyesha nembo ya duka la maziwa, pembe mbili za ng'ombe zikikumbatia ua, na michoro yake ya penseli kuanzia mstari wa kwanza. Uongo mtupu! Michoro hiyo aliichora nembo ikiwa imeshakwisha. Pembe alizinakili kwenye kitambaa cha meza alichodarizi dada yake, Gisèle.

Benitha, anayeanza kuuza mtindi mtaani Ruharo, akapiga simu. “Nataka kifurushi kikubwa. Nimeona michoro yako, nimekuamini.”

Roho ikamsuta Elisée. Jioni, aliporudi nyumbani, akampa Gisèle simu aione michoro mwenyewe, akajiandaa kutukanwa.

Gisèle akaitazama michoro mmoja mmoja, uso ukamng'aa.

“Kumbe na weye unaanzaka na pembe ya kushoto, sawa mie! Kweli tuko damu moja.”

Elisée akasema ndiyo.