Swali la Saba

Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Kalamu Nyekundu, alikuwa na hasira za karibu na sheria moja: kila mtu ajisomee mtihani wake. Kwa sheria hiyo Twiga, binti mrefu kuliko wote darasa la nane, alipata mbili kwa ishirini. Alisoma akikokota kila silabi, kengele ikamkuta swali la tatu.

"Huyu mzito," Kalamu Nyekundu alisema katika chumba cha walimu.

"Mzito wa kusoma au wa kuelewa?" mwalimu wa lugha akamuuliza. "Msomee uone."

Basi, shingo upande, akamwita Twiga wakati wa mapumziko na kumsomea maswali kwa sauti. Binti akajibu chapuchapu, kama anayesimulia habari za jirani: maji yanavyogeuka mvuke, kwa nini nguo hukauka haraka penye upepo. Kumi na tisa kwa ishirini!

"La saba nimeliacha, mwalimu. Lina majibu mawili sahihi."

Mwalimu akalitazama. Kweli kabisa. Kwa miaka sita aliwakosesha watu swali hilo, na katika wote waliojisomea kwa ufasaha, hakuna aliyegundua.

Sasa Twiga husomewa mitihani ya sayansi, na kila asubuhi, kwa dakika kumi, yeye na mwalimu wa lugha hukata maneno marefu vipande vipande kwa penseli na kuyasoma. Na maswali ya darasa la saba, kabla hayajachapishwa, Kalamu Nyekundu humsomea Twiga kwanza, roho juu.