Nyanya Zilizooza Kitako

Nyanya za shamba langu la Chakol zilioza kitako, na pilipili hoho vilevile. Nilimfokea dada yangu sokoni, mbele ya wateja wake, kwamba ameniuzia miche yenye ugonjwa. Mdomo wangu huu!

Afisa wa kilimo alikuja, akapasua nyanya moja. Doa lilikuwa jeusi, kavu, chini tu. Majani mazima, tundu la mdudu hakuna.

"Mzee, unamwagilia lini?"

"Jumamosi, nikirudi kutoka kazini Malaba. Nalowesha mpaka maji yasimame."

"Basi ni hapo. Kalisiamu hubebwa na maji hadi kwenye tunda. Udongo ukikauka wiki nzima, haifiki. Miche haina kosa."

Siku hizi namwagilia kila asubuhi, kwa kiasi. Nyanya zinaiva safi, lakini miche nanunua kwa mtu mwingine. Dada yangu aliacha kuiuza siku ileile niliyomfokea.