Fedha za Ngongoti Zilizokwama Benki

Mfikirie anavyoingia. Mlango wa benki ni wa kioo, ule wa kusukuma ukiingia na ukitoka, ambao kila mtu huanza kwa kuuvuta, na yeye kauvuta. Shingoni ananing'iniza utepe wa kupimia ambao kasahau kuuvua, na sketi yake imenasa vipande vya uzi wa buluu, maana shule zinakaribia kufunguliwa na yeye ni fundi wa sare. Mtaani wanamwita Dada Sare. Anaipita foleni pembeni, mabega kayashusha, kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Na hakuna aliyemtuhumu kitu. Bado.

"Sukuma, dada," mlinzi anamwambia akicheka. "Ukivuta utaondoka nao."

Meza aliyoitiwa iko mwisho kabisa, nyuma ya kioo cha ukungu. Hapo anakaa afisa wa uhakiki, binti wa miwani mikubwa na sauti ndogo. Miamala yenye maswali huishia kwake.

"Karibu, dada. Umekuja kwa ile fedha ya kutoka nje?"

"Hiyo hiyo. Mmeila?"

"Haijaliwa. Imefika, ila haijaingia kwenye akaunti ya mama. Tumeizuia mpaka tujue chanzo chake."

"Chanzo si mdogo wangu? Kila mwezi anatuma, hamjawahi kuuliza hata siku moja."

"Hapo ndipo penyewe," afisa akasema, akaigeuza kalamu. "Miaka yote akaunti hii inapokea kidogo kidogo, kutoka kwa jina moja, za matumizi ya nyumbani. Ghafla inakuja kwa mkupuo mmoja fedha inayozidi zote hizo. Halafu hajatuma yeye, imetumwa na ofisi ya mawakili. Akaunti ya mawakili huweka fedha za wateja wao wengi pamoja. Mimi naliona jina la ofisi, mwenye fedha simwoni. Na wanaosafisha fedha za wizi wanaipenda sana njia hiyo. Sisemi ninyi ni wezi."

"Hujasema, lakini umepita karibu na mlango."

Binti akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye uso wake wa kazi. "Hata hivyo lingeisha mapema. Nilikupigia simu, kwa sababu mama alikuandikisha umfuatilie mambo yake hapa. Ukaniambia ni akiba ya mshahara. Ujumbe uliokuja na fedha unasema kitu kingine kabisa. Nikipata majibu mawili yasiyofanana, siruhusiwi kuendelea."

Dada Sare akauzungusha ule utepe kidoleni mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

Nikwambie alichokuwa amekificha, usije ukamhukumu ukiwa gizani. Mdogo wake, ambaye tangu utotoni anaitwa Ngongoti kwa urefu wake, alikuwa akifanya kazi ng'ambo kwenye kiwanda cha maboksi. Mashine ya kukatia ikamchukua vidole vinne vya mkono wa kulia. Mawakili wakamtetea, kiwanda kikalipa fidia, na Ngongoti akaagiza itumwe kwa mama yao, kwa kuwa akaunti yake ya nyumbani ilishafungwa siku nyingi. Anarudi, na kwa mkono ule hakuna kiwanda kitakachomtaka tena. Alitaka akikanyaga nyumbani akute angalau mtaji wa duka. Zaidi ya hizo fedha hana kitu kingine.

Ila alimwapisha dada yake: mama asijue mpaka atakapomwona kwa macho, amwone amepona.

Kama ni hilo tu, Dada Sare angelala usingizi. Vile vidole vilikwenda kwenye zamu ya usiku, na zamu za usiku Ngongoti alizichukua kwa ajili yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimtumia ujumbe wa sauti: jikaze kidogo, mdogo wangu, nakosa tenda za shule kwa kukosa cherehani ya ovaloki. Ngongoti akajikaza. Ovaloki ikaja. Ipo dukani mpaka leo, inafunga pindo vizuri ajabu, na kila inaponguruma yeye mwili unamsisimka. Akaanza kuitumia kukiwa na wateja tu, ili kelele zao ziizime yake. Hilo mama hajui, na wala Ngongoti hajawahi kulitaja kama lawama. Afadhali angelitaja.

"Kwa hiyo mnataka nini?" akauliza.

"Makubaliano ya malipo, barua ya mawakili inayomtaja mteja wao na kwa nini fedha imekuja kwa mama, na kitambulisho cha mdogo wako. Halafu mwenye akaunti mwenyewe aje aniambie kwa kinywa chake fedha ni za nini. Nitaandika anavyosema. Siruhusiwi kumtilia jibu mdomoni, na wewe hutamjibia."

"Mama ni mtu mzima, mguu wake unamsumbua..."

"Nitamtafutia kiti kizuri."

"Na asipokuja?"

"Maelezo yasipokamilika, fedha hurudi ilikotoka. Na mengine siwezi kuyazungumza na mteja, dada yangu. Usiniulize."

Jioni hiyo akampigia Ngongoti. Hati zilikuja kwenye simu moja baada ya nyingine, na chini yake sauti: "Dada, fanya unavyoweza, lakini mama usimwambie. Nakuomba." Hati zote zilikuwa kwa lugha ya huko. Na hapo, msikilizaji wangu, shetani akavuta kiti. Dada Sare akawaza: mama lugha hii haisomi. Nikimpa jibu linalofanana na fidia, lisiwe fidia yenyewe, nani atajua?

Mama yao alikuwa muuguzi mstaafu. Majirani bado wanamwita Matroni, na akikukuta na kidonda lazima ukifungue akione.

"Kesho twende benki," Dada Sare akamwambia akimsaidia kukunja nguo. "Watakuuliza fedha za Ngongoti ni za nini. Sema ni kiinua mgongo. Kiwanda kimefungwa."

Matroni akaliachia shuka. "Kimefungwa? Basi mwanangu anarudi!"

"Anarudi, mama."

"Na hukuniambia! Roho yako nyeusi kama sufuria la shule!" Akamkumbatia huku akicheka, na Dada Sare akaona afadhali angepigwa kofi.

Asubuhi yake Matroni aliingia benki kama bibi harusi. Akamwambia mlinzi mlango wao una kiburi. Akaenda mpaka kwenye kile kiti kizuri, akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Miwani hiyo nani kakupimia? Inakushuka puani."

Afisa akaipandisha miwani, akatabasamu. Hati alikwisha kuzipokea na kuzisoma. Akaweka karatasi mbele yake. "Mama, kuna fedha zimekuja kwako kutoka nje. Nieleze kwa maneno yako, ni za nini?"

"Kiinua mgongo cha mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni. "Kiwanda kimefungwa, wamewalipa, anarudi nyumbani. Andika hivyo hivyo."

Kalamu haikuandika. Afisa alimtazama Matroni, kisha Dada Sare, na huo wa pili haukuwa mtazamo wa hasira. Hasira ingemsaidia.

"Dada," akasema taratibu, "uliniambia akiba. Mama anasema kiinua mgongo. Karatasi ulizoleta mwenyewe zinasema la tatu. Nikiandika hivi, fedha haitoki hapa. Na hata mama ataonekana anaficha jambo."

"Mimi?" Matroni akauliza. "Ninaficha nini?"

Viyoyozi vilivuma. Kwenye dirisha la pili mtu alikuwa akigonga muhuri, ta, ta, ta. Dada Sare alijiona yuko tena kwenye meza ya jikoni, mtoto, kavunja kikombe na mama anauliza nani. Angeweza kunyamaza, na Ngongoti akakosa vidole na fedha pia. Angeweza kusema, na kiapo kikavunjika.

"Mama," akasema, "kiwanda hakijafungwa. Ngongoti aliumia. Hiyo ni fidia."

"Aliumia wapi?"

"Mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia. Vidole."

Sauti ya Matroni ikabadilika, ikawa ya wodini, kavu na safi. "Vingapi? Vimekatwa mpaka wapi? Kidole gumba kimebaki?"

"Vinne. Gumba kimebaki."

"Kidonda kilioza?"

"Hapana, mama. Kimepona vizuri."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea zamu kutoka kwa mwenzake. Kisha akaibana mikono katikati ya magoti.

"Tangu lini huyu mtoto hanionyeshi uso kwenye simu," akasema polepole. "Sauti tu, kila siku sauti. Nikasema moyoni, amenichoka. Amepata watu wake. Nikawa namjibu mkato mkato, nimkomoe."

Hili Dada Sare hakuwa amelijua. Alidhani anamkinga mama yake na uchungu, kumbe alikuwa amemwachia uchungu mwingine, wa uongo, akauuguza peke yake. Machozi yakamdondoka kwenye utepe, ambao leo pia kasahau kuuvua. Afisa akasogeza boksi la karatasi laini, macho kwenye meza.

"Tuendelee, mwanangu," Matroni akasema. "Andika. Fidia ya mwanangu kwa kuumia kazini. Ni fedha zake, zimepitia kwangu kwa kuwa hapa hana akaunti. Akirudi nitamkabidhi."

Sasa kalamu ilikimbia. Afisa akamsomea alichoandika, neno kwa neno, akakilinganisha na makubaliano na barua ya mawakili. "Hapa pameshikana," akasema. "Nayapeleka kwa mkuu wangu. Huenda akaiuliza benki iliyotuma kama mawakili hawa ni wa kweli. Wakijibu vizuri, na hakuna jingine, fedha itaingia. Siahidi siku." Kisha akamgeukia Dada Sare. "Ungeniambia hivi kwenye simu, tusingefika huku."

"Najua," akasema. Na alijua mengi kuliko hayo.

Walitoka. Safari hii mlango waliusukuma bila kuambiwa. Barazani Matroni akasimama kuupumzisha mguu, akamshika binti yake mkono, akaanza kuvipapasa vidole vyake kimoja kimoja.

"Mashine ya kiwanda haimkati mtu aliye macho," akasema. "Alikuwa amechoka. Ilikuwa saa ngapi?"

"Zamu ya usiku, mama."

"Usiku? Ngongoti na usiku wapi na wapi? Alikuwa anasinzia na tonge mdomoni. Mshahara wake ulimtosha, na mimi sikumwomba cha zaidi." Akamtazama usoni, bila shari, kama mama anayetaka tu kujua. "Alikuwa anahangaikia nini huko?"

Dada Sare akafungua mdomo. Benki ilikuwa imepata jibu lake, fedha zilikuwa njiani, na hakuna afisa yeyote duniani ambaye angemuuliza swali hilo tena. Ni mama tu, amemshika vidole, anangoja.

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?